Shajara ya mradi wa kusoma: NAP ya 1.00 ambayo grafu iliikataa

6 Mei

Vikao vimekwisha. Cha 18 tulikimaliza jana, wawili asubuhi na mmoja mchana, na kuanzia leo shajara hii inahama kutoka kufundisha kwenda kuripoti. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofanya majaribio ya kisa kimoja na kukwama pale pale ninapokwama mimi: nina namba za watoto watatu tu, sasa nizieleze vipi ili mtu asiyeingia darasani kwangu aweze kuamini, au aweze kunipinga kwa haki?

Kwa aliyechelewa, mradi wenyewe ni huu. Watoto watatu wa Darasa la Tatu, shule moja ya msingi huku Temeke, wanasoma kwa kukokota silabi. Kila mmoja namtambua kwa rangi ya faili lake: Kijani, Njano na Bluu. Katika kila kikao, mtoto anasoma kwa dakika moja kifungu ambacho hajawahi kukiona, nami nahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Hicho ndicho kipimo. Awamu ya kwanza, ninayoiita msingi, ni kupima tu bila kufundisha chochote kipya. Awamu ya pili ni mafunzo: kabla ya kupimwa, mtoto anasoma kifungu kingine kifupi mara nne mfululizo, kidole kikifuata maneno, nami namsahihisha papo hapo. Dakika 15 zinatosha.

Mafunzo hayakuanza siku moja kwa wote. Kijani alianza kikao cha 6, Njano cha 9, Bluu cha 13. Niliyapishanisha hivyo kwa sababu kusoma si kitu unachoweza kumpa mtoto, ukamnyang'anya, kisha ukamrudishia ili uone kama alama zinapanda na kushuka. Akishajua, amejua. Ushahidi unatokana na kupishana kwenyewe: ikiwa kila mtoto anapanda zamu yake inapofika, na wale ambao zamu yao bado wanabaki walipokuwa, basi ni vigumu kusema kilichowapandisha ni kitabu kipya cha darasani au ni umri tu. Jopo la wataalamu wa Marekani lililoongozwa na Thomas Kratochwill liliweka kigezo mwaka 2010: athari ionekane angalau mara tatu, katika nyakati tatu tofauti, na kila awamu iwe na nukta 5 au zaidi kwa kiwango cha juu cha ubora. Nukta ninazo. Hizo mara tatu ndizo nitakazozitafuta wiki hii.

8 Mei

Kabla ya grafu, swali la aibu kidogo: je, masikio yangu yanahesabu sawa?

Vikao vyote vimerekodiwa kwa simu, wazazi waliridhia kwa maandishi. Nilipiga kura nikachagua angalau asilimia 20 ya vikao vya kila awamu kwa kila mtoto, jumla rekodi 13, nikampa mwalimu mwenzangu wa Darasa la Nne asikilize bila kuona alama zangu wala kujua kama kikao ni cha msingi au cha mafunzo. Kisha tukalinganisha neno kwa neno: maneno tuliyokubaliana, gawanya kwa maneno yote mtoto aliyojaribu.

Nyingi zilikuwa juu ya asilimia 90. Moja ya Bluu ilianguka: maneno 19 kati ya 25, yaani asilimia 76, chini ya 80 ambayo kwa kawaida ndiyo mpaka wa chini. Tukaketi na rekodi. Bluu anasema "rara" badala ya "lala", "kura" badala ya "kula". Anasema hivyo akiomba maji, anasema hivyo akicheza. Mimi nilimpa alama, mwenzangu alimkatia.

"Dada, karatasini imeandikwa *kula*," akaniambia.

"Na yeye ameisoma *kula*. Mdomo wake ndivyo unavyoitamka."

Tulibishana kama nusu saa, na nashukuru tulibishana. Hatimaye tukaandika kanuni: matamshi ambayo mtoto anayatumia katika mazungumzo yake ya kila siku si kosa la kusoma. Na mtoto akijisahihisha ndani ya sekunde tatu anapata alama. Baada ya hapo ile rekodi ikawa 24 kati ya 25.

Lakini kanuni mpya haiwezi kutumika kwa rekodi iliyoleta ugomvi peke yake. Nimesikiliza upya vikao vyote 54 na kuvisahihisha kwa kanuni hiyo moja, na mwenzangu akarudia zile 13. Siku mbili zimekwenda. Namba nitakazoandika hapa chini ni za baada ya marekebisho hayo.

11 Mei

Grafu. Niliingiza namba kwenye programu ya majedwali, nikabonyeza, ikanichorea picha tatu nzuri zenye makosa matatu.

Kosa la kwanza: mstari ulipita moja kwa moja kutoka nukta ya mwisho ya msingi hadi nukta ya kwanza ya mafunzo. Mstari huo unalivuta jicho lione mteremko mahali ambapo hakuna data. Awamu mbili ni safu mbili za data, kwa hiyo nimezitenganisha, na katikati nikachora mstari wa wima wa nukta nukta.

La pili: programu ilijichagulia mhimili wa kila mtoto. Wa Kijani ulianza 10 ukaishia 28, wa Bluu ukaishia 35. Ukizitazama pamoja, Kijani anaonekana kapaa kuliko wote, kumbe ni karatasi tu iliyovutwa. Sasa wote watatu wanaanza sifuri na kuishia 40.

La tatu ndilo lililokuwa na hatari zaidi, ingawa wakati ule sikujua. Programu iliziweka grafu ubavu kwa ubavu. Katika misingi iliyopishana, grafu zinapaswa kupangwa moja juu ya nyingine, kikao cha 6 cha Kijani kikiwa wima juu ya kikao cha 6 cha Njano na cha Bluu. Ukizipanga hivyo unaweza kushuka na jicho kutoka pale Kijani alipoanza mafunzo na kuuliza: wakati huo huo, wenzake waliokuwa bado hawajaanza walifanya nini?

(Kikao cha 11 kilisogea siku mbili. Mvua ilikuwa imefunga barabara pale Jangwani nami sikuvuka. Kilisogea kwa wote watatu, kwa hiyo wima haukuvurugika, lakini tarehe nimeiandika chini ya grafu.)

13 Mei

Leo nimesoma picha, sijagusa kikokotoo. Nimejiwekea sheria hiyo kwa makusudi. Nikiipata namba kwanza, jicho litaifuata.

Kijani, msingi: 11, 13, 12, 12, 11. Umetulia kabisa, haupandi wala haushuki. Mafunzo: 12, 15, 17, 18, 18, 21, 20, 23, 24, 23, 26, 25, 27. Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna kilichobadilika, kisha anaanza kupanda ngazi kwa ngazi. Wastani wa katikati ulikuwa 12, ukawa 21. Kwa ustadi kama kusoma, kupanda polepole kunaeleweka, tofauti na pale unapompa mtoto miwani ambapo ungetarajia mruko wa siku hiyo hiyo. Sioni shaka hapa.

Njano, msingi: 18, 14, 20, 13, 25, 16, 15, 17. Huyu anayumba. Mtawanyiko wake ni mkubwa, ila hauna mwelekeo, na vikao vitatu vya mwisho kabla ya mafunzo vimekaa karibu karibu: 16, 15, 17. Mafunzo: 19, 22, 21, 24, 23, 26, 25, 28, 27, 30. Vikao vitatu vya kwanza vya mafunzo viko juu ya vile vitatu vya mwisho vya msingi, vyote, na kutoka hapo anaendelea kupanda bila kurudi alikotoka. Hata kuyumba kumepungua.

Ile 25 ya kikao cha 5 ilinisumbua. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kifungu cha siku ile kilikuwa rahisi. Kiswahili kinatega hapo: "ana" ni neno moja na "anayewasubiri" ni neno moja, kwa hiyo kifungu chenye maneno mafupi kinampa mtoto maneno mengi zaidi kwa dakika bila yeye kuwa amesoma vizuri zaidi. Ndiyo maana vifungu nilivisawazisha kwa idadi ya silabi. Lakini watoto wote watatu walisoma kifungu hicho hicho siku hiyo, na Kijani alipata 11, Bluu 15, yaani kawaida yao. Kifungu hakina hatia. Nikakitoa kwenye faili: kilihusu wachuuzi wa samaki Soko la Feri. Mama yake Njano anakaanga samaki, na mtoto huenda naye Feri Jumamosi. Maneno yale alikuwa nayo mdomoni kabla ya kuyaona. Nukta hiyo inabaki kwenye grafu na kwenye hesabu, na maelezo yake yanabaki kwenye ripoti. Kuiondoa kwa sababu ina hadithi nzuri ni kuchagua data.

Bluu nimemwacha kesho, macho yamechoka.

14 Mei

Sikumwacha kwa uchovu peke yake. Jana nilipomtupia jicho nilihisi kitu sikukipenda, nikakimbilia kikokotoo. Naandika ili iwe wazi kwamba sheria yangu ya kusoma picha kwanza niliivunja kwa mtoto wa tatu.

Basi nianze na hesabu, kwa kuwa nimeshaifanya.

Kipimo nilichochagua kinaitwa NAP, kilipendekezwa na Richard Parker na Kimberly Vannest mwaka 2009. Ni hesabu ya kutoingiliana kwa jozi zote, na unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua kila nukta ya mafunzo, ilinganishe na kila nukta ya msingi. Ya mafunzo ikiwa juu, hesabu 1. Zikilingana, hesabu nusu. Ikiwa chini, sifuri. Jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya jozi zote. Jibu la 0.5 maana yake awamu mbili zimechanganyika kama karata. Jibu la 1 maana yake hakuna hata nukta moja ya mafunzo iliyogusa eneo la msingi.

Kijani ana nukta 5 za msingi na 13 za mafunzo, jozi 65. Nukta 12 za mafunzo ziko juu ya msingi wote, hiyo ni 60. Iliyobaki ni ile 12 ya siku ya kwanza: inazishinda 11 mbili, inalingana na 12 mbili, inashindwa na 13. Mbili na nusu mbili, jumla 3. Kwa hiyo 63 kwa 65, yaani 0.97.

Njano ana jozi 80. Nukta ya 19 inazishinda sita. Nukta za 22, 21, 24 na 23 zinashinda saba kila moja, zinashindwa na ile 25 peke yake. Ile 25 ya mafunzo inashinda saba na kulingana na moja. Zilizobaki nne zinashinda zote nane. Jumla 73.5 kwa 80, yaani 0.92. Nilihakikisha kwa mashine:

```python
msingi = [18, 14, 20, 13, 25, 16, 15, 17]
mafunzo = [19, 22, 21, 24, 23, 26, 25, 28, 27, 30]
alama = sum((m > b) + 0.5 * (m == b) for b in msingi for m in mafunzo)
print(alama / (len(msingi) * len(mafunzo)))
```

Ikajibu `0.91875`.

Kwa nini sikutumia kile kipimo cha zamani, PND, cha mwaka 1987, ambacho ni rahisi zaidi? Chenyewe kinauliza: ni asilimia ngapi ya nukta za mafunzo zimevuka nukta ya juu kuliko zote za msingi? Kwa Njano, nukta ya juu ya msingi ni 25, na zilizoivuka ni 26, 28, 27 na 30. Nne kati ya kumi. Asilimia 40, ambayo kwa viwango vilivyozoeleka vya kipimo hicho husomwa kwamba mafunzo hayakufanya kazi. Siku moja ya hadithi ya Feri ingefuta vikao kumi vya kupanda. NAP inaisikia nukta hiyo pia, ndiyo iliyoshusha jibu kutoka karibu 0.99 hadi 0.92, lakini haiiachii iamue peke yake.

Kisha Bluu. Msingi nukta 12, mafunzo 6, jozi 72. Zote 72 zimeshinda. NAP 1.00. PND asilimia 100.

Ukiziweka kwenye jedwali, Bluu ndiye ushindi mkubwa kuliko wote.

15 Mei

Hizi hapa namba za Bluu kama zilivyofuatana. Msingi: 15, 14, 16, 15, 15, 17, 18, 20, 21, 22, 24, 25. Mafunzo: 26, 28, 29, 30, 32, 33.

Funika namba zote isipokuwa hizi za kuanzia kikao cha 6, kisha mpe mtu yeyote kalamu na umwambie achore mstari ambapo mafunzo yalianza. Hatajua aweke wapi. Kuanzia kikao cha 6 hadi cha 12, akiwa bado kwenye msingi, Bluu alipanda kutoka 17 hadi 25: maneno 8 katika hatua sita, kama neno moja na theluthi kila kikao. Nilichukua rula, nikauendeleza mstari huo mbele hatua sita nyingine, kana kwamba sikumfundisha kabisa. Kwenye kikao cha 18 rula iliangukia 33. Alichosoma kweli siku hiyo ni 33.

Mafunzo yangu hayakuongeza chochote kinachoonekana juu ya kile kilichokuwa tayari kinatokea.

Hesabu ya NAP haikukosea. Swali inalouliza ni kama nukta za mafunzo ziko juu ya nukta za msingi, basi. Haijui ipi ilitangulia ipi ndani ya awamu. Ungeweza kuzichanganya namba 12 za msingi wa Bluu kwenye kikapu na kuzitoa kwa mpangilio wowote, jibu lingebaki 1.00. Mtoto anayepanda mwenyewe siku hadi siku, ukimkata popote katikati, upande wa kulia utakuwa juu ya wa kushoto. Mwelekeo wa msingi unaonekana kwa jicho, na kwa jicho tu, labda utumie kipimo kingine.

Kipo kingine, Tau-U cha mwaka 2011, kinachojaribu kuondoa mwelekeo huo. Nimekifikiria nikakiacha. Kina namna kadhaa za kukokotolewa, baadhi zinaweza kutoa jibu linalozidi 1, na msomaji wangu ni mwalimu ambaye anapaswa kuweza kuirudia hesabu yangu nyuma ya daftari. Grafu na rula zimeshasema.

Nilimwonyesha mwenzangu. Akatazama jedwali, siyo grafu.

"Namba imekubali, dada. Wewe unakataa nini?"

Nikamgeuzia grafu, nikafunika mstari wa awamu kwa kipande cha karatasi. Akanyamaza, kisha akaweka kidole kwenye kikao cha 6.

"Hapa kulitokea kitu."

Kikao cha 6 ndipo Kijani alipoanza mafunzo. Grafu zikiwa zimepangwa juu kwa chini, kidole chake kilikuwa wima chini ya mstari wa Kijani.

19 Mei

Nimefungua faili la Kijani na kutoa karatasi za mazoezi. Kila siku ya mafunzo nilimruhusu aondoke na karatasi yake, airudishe kesho yake. Nilidhani namfurahisha, na kwa kweli alifurahi. Karatasi zina mistari ya penseli chini ya maneno, ndivyo ninavyomfundisha afuate. Kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ya kikao cha 6, kuna mistari ya aina mbili: ya Kijani ni mizito na imenyooka, mingine ni myepesi na inapinda. Mistari hiyo myepesi ipo kwenye karatasi zote zilizofuata. Ilikuwa mikononi mwangu tangu siku ile, nikawa naziweka tu kwenye faili.

Wakati wa mapumziko nikakaa na Bluu kwenye ngazi. Sikutaka aone kama anashtakiwa. Nikamuuliza kama kuna mtu anamsomea nyumbani.

"Hanisomei, mwalimu. Ananisomesha."

"Nani?"

"Kijani" (alitaja jina lake, bila shaka). "Tunacheza shule kwao barazani. Nikikosea ananirudisha mwanzo wa mstari. Mara nne, kama wewe."

Wanakaa mtaa mmoja, wanarudi nyumbani pamoja. Njano anaingia mchana, wawili hawa wanaingia asubuhi, hawajuani kabisa. Nilirudi kuangalia vikao vya 6, 7 na 8 vya Njano: 16, 15, 17. Havikutikisika. Hiyo inaniambia kwamba kilichompandisha Bluu hakikuwa cha darasa zima au cha vifungu kuwa rahisi kadiri vikao vinavyosonga, kwa maana Njano naye angepanda.

Nilijawa na furaha njiani kwenda kituoni, kwa ajili yao wote wawili. Kisha nikiwa ndani ya daladala nikaanza kuona ukubwa wa tatizo.

20 Mei

Kuna vishawishi viwili, na vyote vinakuja na sababu nzuri.

Cha kwanza ni kuripoti 1.00 na kukaa kimya. Hakuna namba ya uongo ndani yake.

Cha pili ni kijanja zaidi, nami nilikaribia kukifuata: kuhamisha mstari. Kama Bluu alianza kusomeshwa na Kijani kikao cha 6, basi msingi wake ni nukta 5 za kwanza, 15, 14, 16, 15, 15, na mafunzo ni zilizobaki. Ukichora hivyo, grafu inapendeza mno. Lakini tarehe ya kuanza haikupangwa na mimi kabla. Nimeipata kwa kutazama wapi namba zilipanda. Mstari uliochorwa baada ya kuona data utaonekana mahali pake kila mara. Zaidi ya hapo, Kijani na Bluu wangekuwa wameanza wakati mmoja, na kupishana ndiyo nguzo ya jaribio lote.

Nikabaki na athari mbili zinazoonekana, Kijani na Njano, wakati kigezo ni tatu. Siwezi kuandika kwamba jaribio limeonyesha uhusiano wa sababu na matokeo.

Na kuna jambo jingine, ambalo mwenzangu hakuliona wala mimi sikuliona hadi leo alfajiri. Kijani naye hakupata dakika 15 zangu tu. Alikuwa akimfundisha mwenzake kila jioni, akisoma kifungu kile kile mara nne zaidi kwa sauti. Kupanda kwake ni kwa kweli, ila sijui ni kiasi gani kimetokana na kikao changu na kiasi gani kimetoka barazani. Njano peke yake ndiye aliyepata kile nilichokiandika kwenye sehemu ya mbinu, na hata karatasi zake naye alikuwa akienda nazo nyumbani. Nimemuuliza mama yake: zilikuwa zinakaa kwenye begi.

24 Mei

Sehemu ya matokeo imekamilika. Nilianza na grafu tatu zilizopangwa juu kwa chini, na alama ghafi za vikao vyote 54 kwenye jedwali, ili anayetaka kurudia hesabu au kutumia kipimo kingine asihitaji kuniandikia. Mwongozo wa kuripoti wa SCRIBE wa mwaka 2016 unadai hivyo pia, pamoja na kusema wazi kila badiliko la utaratibu lililotokea jaribio likiendelea. Kanuni ya matamshi na karatasi za nyumbani zote zimeingia hapo.

NAP nimeiweka ndani ya sentensi za kila mtoto, sikuiwekea jedwali lake. Sitaki jicho la mtu lishuke kwenye safu ya namba tatu na kusimama kwenye 1.00. Pia sikutaka zilinganishwe kama ukubwa wa faida: Kijani ana 0.97 na Njano 0.92, lakini wastani wa katikati wa mmoja umepanda maneno 9 na wa mwingine maneno 8, karibu sawa. Kinachotofautiana ni kuyumba kwa msingi wa Njano. Na ukishafika 1.00, kipimo hakina pa kwenda. Mtoto aliyepanda maneno mawili na aliyepanda ishirini wanapewa alama ile ile, ili mradi awamu hazigusani.

Aya ya Bluu niliiandika mara tano. Hii ndiyo iliyobaki:

"Alama za Bluu katika mafunzo zote zilikuwa juu ya alama zake za msingi (NAP = 1.00, jozi 72). Hata hivyo msingi wake ulikuwa tayari unapanda tangu kikao cha 6, na alama za mafunzo zilifuata mwelekeo huo bila mabadiliko ya kimo wala ya kasi. Hatuhesabu matokeo haya kuwa athari ya mafunzo ya kikao. Baada ya jaribio kwisha tulibaini kwamba kuanzia kikao hicho Bluu alikuwa akifundishwa nyumbani na Kijani kwa karatasi za mradi huu. Maelezo hayo yanapatana na data, lakini hayakupangwa kabla na hayakupimwa."

Msimamizi wangu aliisoma, akauliza kama sioni kwamba najidhulumu, kwa kuwa watoto wote watatu wanasoma vizuri zaidi sasa. Nikamjibu kwamba hilo nimeliandika, ukurasa huo huo, na alama zao. Kilichobaki nje ni sababu.

27 Mei

Maandalizi ya mzunguko wa pili. Watoto watatu wapya, kila mmoja kutoka mkondo wake, na kabla ya kuwachagua nimewauliza wazazi wanakaa wapi na mtoto anarudi na nani. Karatasi za mazoezi zinabaki kwenye kabati langu. Vikao vinaanza shule zikifunguliwa Julai.

Kijani na Bluu hawataingia, lakini wamekuja leo kuniomba karatasi mpya za kuchezea shule. Nimewapa kumi. Bluu anasema sasa na yeye ana mwanafunzi, mdogo wake wa Darasa la Kwanza.